Msaada: nimeajiriwa TGS D, nimeusoma waraka wa mishahara nimezidi kuchanganyikiwa

Mgeni_Halmashauri
Habari za jioni wakuu. Nimeripoti kazini wiki tatu zilizopita kwenye halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini, nimetokea Tanga. Cheo ni Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Barua ya ajira inasema nitalipwa ngazi ya mshahara TGS D, na kuna kiasi kimeandikwa. Sitakitaja hapa ila kinacheza kwenye laki nane.

Sasa kuna mtu kwenye grupu letu la ajira mpya katurushia picha ya waraka wa mishahara. Nimeitafuta TGS D, nikakuta D.1, D.2, D.3 zinashuka hadi chini huko, na D.1 ya kwenye picha ni ndogo kuliko kiasi cha kwenye barua yangu. Pembeni kuna safu imeandikwa nyongeza ya mwaka. Posho ya nyumba sijaiona, ya usafiri sijaiona, hata ile ya mazingira magumu haimo, na huku niliko gari linakuja mara moja kwa siku.

Maswali yangu: barua imekosewa au picha ndiyo imekosewa? Hizo D ni miaka? Na posho zangu ziko waraka gani? Mwenzangu niliyeripoti naye anasema tunadai posho ya usumbufu ya karibu milioni moja kila mtu, lakini afisa utumishi nilipomgusia alicheka tu.

Kibarua_Msomi
Hongera kwanza. Barua haijakosewa. Mwaka 2025 mama alitangaza asilimia 35.1. Chukua D.1 ya kwenye hiyo picha uipandishe kwa 35.1, utapata mshahara wako. Kama barua inaonyesha pungufu ya hapo, dai.

Mgeni_Halmashauri
Nimepiga. Inakuja kubwa mno kuliko ya kwenye barua. Kwa hiyo nimepunjwa?

Mzee_wa_Masjala
Hujapunjwa kijana, tulia. Na wewe Kibarua usimpeleke mtoto wa watu kwa mkurugenzi kudai hewa.

Ile 35.1 ilitangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida na ilihusu kima cha chini cha mshahara: kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Gawa 130,000 kwa 370,000 uone kama haiji hiyo hiyo 35.1. Mwaka 2022 ilikuwa vilevile, asilimia 23.3 ikaimbwa nchi nzima, kumbe ni 300,000 kwenda 370,000. Watu wa ngazi za juu walipofungua slipu mwezi wa saba wakakuta elfu kadhaa, wakanuna mpaka leo. Serikali ikitangaza asilimia ya kima cha chini, maana yake ni mtu wa mwisho kabisa kwenye jedwali. Ukipanda juu, asilimia inapungua. Hakuna namba moja ya kuzidishia kila ngazi, ndiyo maana waraka unatoka na jedwali zima.

Hiyo picha yako itazame juu kabisa, kabla ya jedwali. Kuna kichwa cha waraka, namba yake, mwaka, na sentensi inayosema viwango vinaanza kutumika lini, mara nyingi tarehe 1 Julai kwa sababu ndipo mwaka wa fedha unapoanza. Nina uhakika utakuta ni wa zamani. Barua yako imeandikwa kwa waraka unaotumika sasa.

Mgeni_Halmashauri
Shikamoo mzee. Picha imekatwa juu, kichwa hakionekani. Nimemuuliza aliyeirusha, naye anasema aliipata grupu lingine.

Mzee_wa_Masjala
Marahaba. Basi ifute. Waraka usio na kichwa ni sawa na dawa isiyo na tarehe ya kwisha. Nenda kwa afisa utumishi, mwombe uusome uliopo hapohapo ofisini. Hahitaji kukupa nakala, ukae tu kwenye benchi uusome.

Sasa kuhusu D.1, D.2. Una karatasi mbili zinazofanya kazi pamoja na wewe umeshika moja. Ya kwanza inaitwa Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako. Hiyo ndiyo inayosema Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II anakaa TGS D, Daraja la I anakaa TGS E, na kuendelea. Inasema pia sifa za kuingia na za kupanda. Haina shilingi hata moja ndani yake. Ya pili ndiyo huo waraka wa mishahara, ambao wenyewe haujui wewe ni afisa wa nini. Unajua tu TGS D ni shilingi ngapi. Muundo hubadilika mara chache, waraka hubadilika kila serikali ikirekebisha mishahara. Ndiyo maana barua ikakutajia ngazi kwanza, kiasi baadaye.

Herufi ni ngazi. Namba ni hatua ndani ya ngazi hiyo. Umeanza D.1. Ukipata nyongeza ya mwaka unasogea D.2, hujapanda cheo, umesogea tu hatua. Safu ya pembeni ndiyo inayoonyesha hatua moja ina thamani gani. Ukipandishwa cheo unaruka kwenda E.

Mwalimu_Kapuku
Ongezea hapo kwamba hatua siyo miaka. Niliajiriwa 2013, na kuanzia 2016 nyongeza za mwaka zikasimama. Nikakaa hatua moja miaka inapita nahesabu dari. Mpaka Mei Mosi 2023 pale Morogoro ndipo Rais akasema nyongeza za mwaka zinarudi. Kwa hiyo dogo akichukua jedwali akasema mwaka wa tano nitakuwa D.6, asiende kukopea kiwanja kwa hesabu hiyo.

Mzee_wa_Masjala
Kabisa. Jedwali linaonyesha njia, haliahidi tarehe.

Dada_Zamu_ya_Usiku
Samahani wakuu, mimi ni muuguzi, niko TGHS. Naomba kuuliza hapahapa kuhusu posho ya kuitwa kazini. Tuna miezi mitano hatujalipwa, tunaitwa usiku kujifungulisha, tunaambiwa fedha haijaingia. Huo waraka mpya unasemaje?

Mzee_wa_Masjala
Mwanangu, waraka wa mishahara hautakusaidia kwa hilo, posho ya kuitwa kazini haimo humo. Lakini swali lako linanisaidia kumjibu huyu mgeni, maana tatizo lenu ni moja.

Mshahara unatoka Hazina. Ukishaingizwa kwenye mfumo na cheki namba yako ikatoka, kila mwezi unaingia bila wewe kumwandikia mtu barua. Posho nyingi hazipiti huko. Zinalipwa na mwajiri wako pale ulipo, kutoka fungu la matumizi mengineyo au mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri yenye stendi kubwa na soko la mazao inalipa, isiyokuwa nacho inakuambia subiri. Wewe muuguzi na huyu mgeni mna haki kwenye karatasi, lakini malipo yenu yanategemea kasma ya mtu ambaye pia anadaiwa mafuta ya gari na umeme.

Dada_Zamu_ya_Usiku
Kwa hiyo tufanye nini sasa?

Mzee_wa_Masjala
Andikeni madai kila mwezi, msisubiri yalundikane. Kila dai liambatane na rejista ya zamu iliyosainiwa na mganga mfawidhi, na nakala yako igongwe muhuri wa masjala siku unayopeleka. Nimekaa masjala miaka kumi na tisa. Dai lisilo na muhuri wa kupokelewa, mwaka unaofuata linaitwa uvumi.

Mgeni_Halmashauri
Asante mzee. Sasa turudi kwenye posho zangu. Nyumba na usafiri?

Wa_Voi
Jamani, nawasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku Kenya posho ya nyumba hulipwa kila mwezi, inakuwa kwenye payslipi pamoja na ile ya usafiri, na kiwango cha nyumba kinategemea kundi lako la kazi na mji unaofanyia. Aliye Nairobi hapati sawa na aliye mashambani. Walio maeneo magumu wana yao pia. Huyu ndugu aulize vizuri, haiwezekani asiwe na posho ya nyumba.

Mzee_wa_Masjala
Karibu jirani. Huko kwenu ndivyo ilivyo na ni kweli. Huku kwetu mtumishi wa kawaida wa ngazi ya kuingilia hana posho ya nyumba ya kila mwezi. Zipo za nyumba na simu, lakini ni kwa viongozi na wenye vyeo ambavyo stahili hizo zimetajwa. Mgeni akifungua slipu atakuta mstari mmoja upande wa mapato: mshahara. Basi.

Mwalimu_Kapuku
Na sisi walimu ni hivyohivyo, ila mkuu wa shule ya sekondari na mratibu elimu kata wana posho ya madaraka 250,000, mwalimu mkuu wa msingi 200,000. Ukivuliwa ukuu kesho, nayo inaondoka. Nimeona mtu kakopa kwa kuihesabu kama mshahara, akavuliwa ukuu, akawa anatembea kwa miguu.

Mgeni_Halmashauri
Sawa, nimeelewa hiyo. Na posho ya usumbufu?

Kibarua_Msomi
Hiyo unadai kabisa, na hapa sibahatishi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinasema asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Laki nane mara 12 ni 9,600,000, asilimia 10 yake ni 960,000. Hiyo ndiyo milioni aliyoisema mwenzako. Halafu kujikimu siku 14, wewe, mwenza na watoto wasiozidi wanne.

Mzee_wa_Masjala
Hesabu yako sahihi, mtu siye. Hayo ni malipo ya uhamisho. Posho ya usumbufu ni ya mtumishi aliyekuwa na kituo, amezoea, watoto wako shule, mwajiri akamng'oa na kumpeleka kwingine. Huyu kijana hajang'olewa popote, ameletwa. Hajasumbuliwa bado.

Hata uhamisho wenyewe, kama umeuomba mwenyewe kwa sababu zako, hulipwi. Wakikuhamisha wao kwa manufaa ya umma ndipo unalipwa. Kaziandike hizo hesabu mahali, kuna siku utazihitaji.

Mgeni_Halmashauri
Kumbe ndiyo maana alicheka. Kwa hiyo sina ninachodai?

Mzee_wa_Masjala
Unacho. Mtumishi wa ajira mpya analipwa nauli ya kutoka kwao mpaka kituo cha kazi, na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo wakati anatafuta pa kulala. Hiyo ya kujikimu inahesabiwa kwa kiwango kilekile cha kulala safarini, na viwango hivyo vina waraka wake, siyo huu wa mishahara. Vilipandishwa Julai 2022: cha chini kikatoka 80,000 kwenda 100,000 kwa siku, cha juu kikatoka 120,000 kwenda 250,000. Wewe uko sehemu gani hapo kati itategemea ngazi yako na aina ya mji, mwulize mhasibu akuonyeshe mstari wako.

Kibarua_Msomi
Siku 14 hizo.

Mwalimu_Kapuku
Sisi tulilipwa 7. Wilaya jirani nao 7. Sijawahi kukutana na mwalimu wa ajira mpya aliyelipwa 14.

Kibarua_Msomi
Kulipwa 7 haina maana haki ni 7.

Mzee_wa_Masjala
Hapo siwezi kukaa katikati yenu. Ninachokijua kwa macho, madai ya ajira mpya yaliyopita mezani kwangu yalipitishwa kwa siku 7. Ya uhamisho kwa siku 14. Mgeni, usiandike idadi ya siku kwa kusikia, mwombe afisa utumishi akuonyeshe kifungu chenyewe kwenye Kanuni za Kudumu, uandike dai kwa kukitaja. Kama kiwango chako ni 100,000 na siku ni 7, hiyo ni 700,000 pamoja na nauli. Siyo milioni ya mwenzako, lakini inalipa godoro na kodi ya miezi michache huko uliko.

Tiketi ya basi unayo?

Mgeni_Halmashauri
Ninayo mzee, ila ni zile za karatasi ya mashine, imeanza kufifia. Ya Tanga hadi Dar bado inasomeka, ya pili naona tarehe tu na nusu ya jina.

Mzee_wa_Masjala
Leo hii, kabla hujalala, zipige picha kwenye mwanga na kesho uzitoe kopi. Maandishi ya zile karatasi ni ya joto, ukiziweka mfuko wa shati wiki mbili unabaki na kipande cheupe. Nimewarudisha watu wengi kwa ajili ya hilo. Ambatanisha na barua ya ajira, barua ya kupangiwa kituo, na fomu ya kuripoti iliyosainiwa.

Binti_wa_Pangani
Mimi nina swali tofauti. Nimeajiriwa tangu mwaka jana. Barua yangu inaonyesha laki nane na kitu lakini benki inaingia laki tano na kitu. Tuko wengi tunaojiuliza. Ni wizi au?

Mgeni_Halmashauri
Nilitaka kuuliza hiyo hiyo, maana mshahara wangu wa kwanza bado na nimeshaahidi watu.

Hesabu_za_Mezani
Nimekuwa nasoma tu, hapa niingie maana ndiyo kazi yangu. Tufanye mshahara ni 800,000 kamili, siyo kiwango cha waraka wowote, ni namba nyepesi ya kuhesabia.

Kwanza inatoka PSSSF asilimia 5, yaani 40,000. Mwajiri anaweka asilimia 15 juu yake, hiyo huioni kwenye slipu kama pato lakini ni yako ya uzeeni. Zinabaki 760,000. Kodi inakatwa kwenye hizo 760,000, siyo kwenye 800,000, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakipiga wenyewe. Kodi inakwenda kwa vipande. 270,000 za mwanzo hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, unapata 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, unapata 48,000. Jumla PAYE 68,000.

Kisha NHIF asilimia 3 ya mshahara, 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo, HESLB asilimia 15 ya mshahara, 120,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 16,000. Jumlisha yote: 268,000. Inayoingia benki ni 532,000.

Hakuna wizi hapo Binti. Kama haukusoma kwa mkopo ungepata 652,000.

Binti_wa_Pangani
Nashukuru, imekuja karibu sawasawa na yangu. Ila chama sijawahi kujiunga! Sijajaza fomu yoyote na nakatwa.

Hesabu_za_Mezani
Hiyo inaweza kuwa ada ya uwakala. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi sheria inakiruhusu kukata hata asiye mwanachama, kwa hoja kwamba kikijadiliana na mwajiri wewe nawe unafaidika. Fungua slipu usome jina la mstari huo.

Mwalimu_Kapuku
Faida yenyewe fulana ya Mei Mosi.

Hesabu_za_Mezani
Haha. Hilo nawaachia na chama chenu.

Niongeze kitu kimoja kuhusu zile hatua alizoeleza mzee. Tufanye nyongeza ya mwaka ni 20,000, umetoka 800,000 umekuwa 820,000. PSSSF inachukua 1,000. Zile 19,000 zilizobaki zinaangukia kipande kinachofuata cha kodi, maana umevuka 760,000, na huko ni asilimia 25, zinatoka 4,750. NHIF 600. Bodi ya mikopo 3,000. Chama 400. Jumla makato 9,750. Mkononi imekuongezea 10,250. Kila Agosti naletewa malalamiko kwamba nyongeza imeliwa nusu, nami kila Agosti naipiga hesabu hii upya kwenye karatasi.

Mgeni_Halmashauri
Duh. Sasa nimeelewa. Kuna afisa mikopo wa benki moja alikuja ofisini siku ya pili tu baada ya sisi kuripoti, ana kalamu za bure na fomu. Anasema tunaweza kuchukua mpaka theluthi mbili ya mshahara iende kwenye rejesho. Yaani 533,000 kwa mwezi kwenye 800,000?

Hesabu_za_Mezani
Hapana. Kanuni inasema baada ya makato yote mtumishi abaki na si chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,667. Makato ya lazima yanahesabiwa humo humo. Kwa mfano wetu unabaki na 532,000, toa 266,667, nafasi ya rejesho ni kama 265,000. Huyo wa kalamu za bure amekuhesabia kama vile PAYE na HESLB havipo.

Nimeungua_Tayari
Hapa na mimi niseme maana yalinikuta. Slipu zangu mbili za kwanza hazikuwa na mstari wa HESLB. Nikafurahi, nikajua labda wamenisahau. Benki wakanipigia nafasi kwa slipu hizo, nikachukua mpaka kona ya mwisho, nikanunua pikipiki na kabati. Mwezi wa nne bodi ya mikopo wakatokea na asilimia 15 yao. Kilichobaki kikashuka chini ya theluthi, afisa utumishi akaniita ananiuliza nimefanyaje. Ikabidi nirudi benki kuomba muda urefushwe, kutoka miaka minne hadi sita. Pikipiki imeshakufa, mkopo bado mzima.

Dogo, kama ulisoma kwa mkopo na slipu ya kwanza haionyeshi HESLB, ihesabu mwenyewe kana kwamba ipo.

Mgeni_Halmashauri
Nimekusoma kaka. Pole sana.

Swali la mwisho, samahani kwa kuwachosha. Nimeripoti tarehe 11, mshahara wa mwezi huo haukuingia. Umepotea?

Mzee_wa_Masjala
Haujapotea. Mshahara wako unaanza kuhesabiwa siku uliyoripoti, siyo siku ya barua. Ila ulipofika mfumo ulikuwa umeshafungwa kwa mwezi ule, kwa hiyo taarifa zako zimeingia mwezi unaofuata. Siku zile ulizofanya kazi bila kulipwa zinakuwa malimbikizo. Slipu ikitoka, itazame kwenye salaryslip.mof.go.tz. Kagua tarehe ya ajira iliyoandikwa, cheo, ngazi na hatua, halafu namba ya akaunti. Nimeona mtu wa digrii kaingizwa TGS C kwa kidole kuteleza, akakaa miezi minane anajua ndivyo ilivyo. Kosa la ngazi ukiligundua mwezi wa kwanza linarekebishwa kwa barua moja.

Kibarua_Msomi
Na akiwa ameripoti kabla ya Julai, Julai hii anapata nyongeza ya mwaka au mpaka athibitishwe? Maana yuko kwenye majaribio miezi 12.

Mwalimu_Kapuku
Sisi tuliambiwa mpaka uthibitishwe.

Hesabu_za_Mezani
Nimeona waliopata kabla hawajathibitishwa. Nimeona pia waliorukwa. Sitasema ni haki au siyo haki bila kifungu mkononi.

Mzee_wa_Masjala
Nami nimeona yote mawili. Kesho nikiamka salama nitapekua Kanuni za Kudumu.

Mgeni_Halmashauri
Wakuu nimerudi, zimepita siku kumi na mbili. Slipu imetoka leo. Nimekagua kama mzee alivyosema: TGS D, hatua ya kwanza, tarehe ya ajira ni ile ya 11. Namba ya akaunti sahihi. Mstari wa HESLB HAUPO, nimecheka peke yangu ofisini, nimeshaitoa mwenyewe kwenye daftari. Malimbikizo bado hayajaonekana.

Dai la nauli na kujikimu nimelipeleka masjala, nakala yangu ina muhuri wa tarehe 3. Mhasibu kasema kasma haina kitu, nipite robo ijayo. Tiketi ya pili walikataa kopi wakataka halisi, nikawapa ikiwa haisomeki kabisa, wakasema watatumia picha niliyopiga. Yule mwenzangu wa posho ya usumbufu ameandika lake la 960,000 vilevile. Nilimwambia, hakusikia.

Mzee, ile ya nyongeza ya Julai umepata kifungu?

Mzee_wa_Masjala
Bado. Kitabu kaazimwa mtu wa ugavi tangu mwezi wa pili, nami namsaka.